Kumwomba msimamizi akuongezee muda wa kuwasilisha sura ya tasnifu

Msimamizi akifungua ujumbe wa kuomba muda, swali linalomjia kwanza si kwa nini umechelewa. Anajiuliza sura hiyo ataipata lini hasa, na kama tarehe unayompa inaaminika. Nimewahi kuwa upande wa anayeomba, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa upande wa anayeombwa. Nikikumbuka maombi niliyoyakubali bila kusita, karibu yote yalijibu swali hilo. Maombi yaliyoniachia wasiwasi yalikuwa na maelezo marefu ya matatizo, kisha tarehe mpya iliyoonekana kuokotwa tu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi unayoifanya kabla hujagusa barua pepe. Nitatumia kisa cha mwanafunzi mmoja wa uzamili anayedaiwa sura ya matokeo, kwa sababu sura hiyo ndiyo inayowachelewesha wengi.

Kwanza, jua tarehe hiyo ni ya nani

Kuna tarehe mliyopanga wewe na msimamizi, na kuna tarehe ya chuo. Ya kwanza msimamizi anaweza kuisogeza kwa neno moja. Ya pili, kama vile siku ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu au kumalizika kwa usajili wako, kwa kawaida hana mamlaka nayo. Huwa ina fomu yake na vielelezo vyake, na msimamizi hutoa maoni tu huku uamuzi ukifanywa na ofisi nyingine. Ukimwomba msimamizi kitu kisicho mikononi mwake, unampa kazi ya kukueleza kanuni ambazo ulipaswa kuzisoma. Soma kanuni za chuo chako kwanza. Kama tarehe ni ya chuo, unachomwomba msimamizi ni barua ya kukuunga mkono, na unaiomba mapema zaidi.

Hapa tunazungumzia aina ya kwanza. Hata hiyo huwa imebeba kitu nyuma yake. Huenda msimamizi ametenga wiki inayofuata kusoma sura yako, au anasafiri, au ana wanafunzi wengine watatu watakaoleta kazi zao mwezi ujao. Kama hujui, muulize ndani ya ombi lako. Ni sentensi moja tu, nayo humwonyesha kwamba unafikiria muda wake pia.

Hesabu kilichobaki kwa kasi yako halisi

Mwanafunzi wetu amefanya mahojiano 18 na kuyarekodi, kila moja likiwa na wastani wa dakika 45. Sura inatakiwa Ijumaa tarehe 19 Juni. Leo ni Jumatatu tarehe 1 Juni, na anaanza kuhisi hatafika. Kuhisi hakutoshi, kwa hiyo anachukua karatasi.

Mahojiano 11 ameshayanukuu kutoka kwenye sauti hadi kwenye maandishi, yamebaki 7. Alipopanga ratiba alikadiria kwamba saa 1 ya sauti ingemchukua saa 2 kuiandika. Sasa ana kipimo cha kweli kutokana na yale 11, nacho ni saa 5. Mahojiano 7 ya dakika 45 ni zaidi kidogo ya saa 5 za sauti, yaani kama saa 26 za kazi. Kwa kuwa ameajiriwa, anapata saa 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni siku 9.

Baada ya kunukuu anayapanga majibu kwa mada. Mahojiano 4 ameshayapanga, na kila moja lilimchukua saa moja na nusu. Yaliyobaki 14 yatamla saa 21, yaani siku 7. Mwisho ni kuandika sura yenyewe. Sura iliyotangulia aliiandika kwa kasi ya maneno 600 kwa siku, na hii inahitaji maneno 6,000, kwa hiyo siku 10.

Jumla ni siku 26 za kazi. Kuanzia leo hadi tarehe 19 ana siku 17. Amepungukiwa na siku 9, na bila tatizo lolote jipya angemaliza tarehe 30 Juni.

Wengi hukomea hapo, wakaomba tarehe 30 Juni, kisha wakarudi kuomba tena. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambamo waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao za shahada ya kwanza wangechukua siku ngapi. Kwa wastani walitaja siku 34. Waliulizwa pia ingekuwaje kama mambo yangeenda vibaya kadiri inavyowezekana, wakataja siku 49 hivi. Walichukua zaidi ya siku 55. Yaani hata makadirio yao ya hali mbaya kabisa hayakufika kwenye ukweli. Mtu akikadiria huiona kazi yenyewe, lakini siku ya homa, faili lisilofunguka, na jioni tatu zinazopotea kazini huwa hazionekani.

Mwanafunzi wetu ana nafuu moja, kwamba amekadiria kwa kasi aliyoipima. Hata hivyo anaongeza moja ya tano ya siku 26, yaani siku 5. Zinakuwa 31, na siku ya thelathini na moja ni Jumatatu tarehe 6 Julai. Hiyo ndiyo tarehe ya kuomba. Kama hujapima kasi yako bado, moja ya tano ni ndogo mno. Fanya kwanza kipande kimoja huku ukiangalia saa, hata kama kitakula siku nzima, ndipo uombe.

Omba siku unapojua

Siku ya kuomba ni ile hesabu inapokuonyesha pengo. Kwa kisa chetu ni tarehe 1 au 2 Juni, zaidi ya wiki mbili kabla. Najua moyo husema subiri, huenda nikakimbia nikafika. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kusubiri hivyo hadi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Msimamizi wangu hakukasirika. Alinijibu tu kwamba alikuwa amekataa kazi nyingine ili asome sura yangu wiki ile. Ningemwambia siku kumi kabla, asingepoteza chochote. Sijaisahau sentensi ile, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba muda anaoupoteza msimamizi huanzia pale ulipojua ukanyamaza.

Kuna jambo jingine. Ombi la wiki mbili kabla husomwa kama mpango, na ombi la usiku wa mwisho husomwa kama taarifa ya ajali, hata maneno yakiwa yaleyale. Kama umeshachelewa kiasi hicho, tuma hivyohivyo kabla saa haijapita. Ombi linalofika baada ya tarehe kupita humkuta msimamizi ameshaanza kujiuliza uko wapi.

Tafuta cha kukabidhi tarehe ileile ya zamani

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Rudi kwenye hesabu. Kunukuu kutaisha tarehe 10 Juni na kupanga kwa mada kutaisha tarehe 18. Kwa hiyo tarehe 19 mwanafunzi hatakuwa na sura, ila atakuwa na jedwali la mada zote pamoja na dondoo chache kutoka kwenye mahojiano chini ya kila mada.

Jedwali hilo ni kurasa tatu au nne. Msimamizi analisoma kwa nusu saa, na anaweza kusema mada ya pili na ya tano ni kitu kimoja kabla mwanafunzi hajaandika maneno 6,000 juu yake. Ucheleweshaji wenyewe unapata faida. Tarehe ya zamani nayo haivunjiki kabisa, maana siku ile kuna kitu kinafika mezani.

Usiahidi zaidi ya hapo. Nimewaona wanafunzi ambao, kwa kutaka kupendeza, waliahidi nusu ya sura tarehe ya zamani na sura nzima wiki moja baadaye, wakakosa zote mbili.

Andika ujumbe

Tuanze na ujumbe ambao hufika mara nyingi:

"Shikamoo Profesa. Samahani sana kwa usumbufu. Kutokana na changamoto mbalimbali zilizojitokeza, kazi imechelewa kidogo. Nilikuwa na majukumu mengi kazini na pia mtandao ulisumbua. Niko mbioni kumalizia. Naomba uniongezee muda kidogo. Samahani sana tena."

Hakuna uongo ndani yake, lakini tazama Kiswahili chenyewe kinavyofanya kazi hapo. "Kazi imechelewa" inasikika kana kwamba sura ilichelewa yenyewe njiani. "Changamoto zilizojitokeza" hazina aliyekutana nazo. "Kidogo" imetokea mara mbili na haina kipimo. "Niko mbioni kumalizia" ni maneno ya mtu aliyebakiza ukurasa mmoja, na pia ya mtu ambaye hajaanza. Msimamizi akimaliza kusoma hajui chochote anachoweza kukiandika kwenye kalenda yake.

Sasa ujumbe wa mwanafunzi wetu:

"Shikamoo Profesa. Naomba kuwasilisha sura ya matokeo Jumatatu tarehe 6 Julai badala ya Ijumaa tarehe 19 Juni.

Nilikosea kukadiria muda wa kunukuu mahojiano. Nilipanga saa 2 kwa kila saa ya sauti, lakini kwa mahojiano 11 niliyomaliza imekuwa saa 5. Yamebaki 7, na nimeipanga upya ratiba yote kwa kasi hiyo, pamoja na siku 5 za akiba.

Tarehe 19 Juni nitakuletea jedwali la mada zote na dondoo zake, ili kama kuna mada ya kuunganisha au kuondoa nijue kabla sijaandika.

Kama tarehe 6 Julai inagongana na ratiba yako, naomba unijulishe, nitaangalia kipi kinaweza kupunguzwa. Samahani kwa mabadiliko haya."

Ombi liko mwanzoni, na tarehe zote mbili zina siku zake za wiki. Msimamizi anayesoma kwenye simu akiwa kwenye foleni anajua anaombwa nini kabla hajafika mstari wa tatu. Sababu ni moja, na samahani ni moja. Samahani nyingi humlazimisha msomaji akufariji, na hiyo ni kazi nyingine unayompa.

Usifiche ombi ndani ya ujumbe wenye mambo mengine. Kama unataka pia kumuuliza kuhusu marejeo, mwandikie kando. Na kama mmezoea kuongea ana kwa ana, ongea naye, kisha siku hiyohiyo mtumie mistari miwili yenye tarehe mliyokubaliana, ili baada ya mwezi asiwepo anayekumbuka tofauti.

Sababu na kisingizio

Kitu kilekile kinaweza kuwa sababu au kisingizio. "Nilikuwa na kazi nyingi" ni kisingizio, lakini "Tangu katikati ya Mei nimehamishiwa zamu ya jioni, nimebaki na saa 3 kwa siku badala ya 5" ni sababu. Ya pili ina tarehe na kiasi, na inaeleza kwa nini pengo ni kubwa kama lilivyo. Nikiisoma naweza kuifuata hesabu hadi kwenye tarehe mpya. Hicho ndicho kipimo changu. Kama sababu uliyoitaja haiingii popote kwenye hesabu ya siku, iondoe. Mtandao uliosumbua saa mbili hauelezi siku 17.

Kipimo cha pili ni kiambishi cha nafsi. Pale ambapo kosa ni lako, kitenzi kianze na "ni-" au "si-": nilikosea kukadiria, nilianza kupanga mada kabla ya kumaliza kunukuu, sikukuuliza mapema. Wanafunzi wengi huogopa kwamba wakikiri wataonekana wazembe. Kwa upande wangu, anayeweza kutaja kosa lake kwa usahihi namwona kama mtu aliyeshaligundua, na ambaye pengine hatalirudia.

Urefu wa muda unaouomba nao unabadilisha uzito wa sababu. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake walichapisha jaribio la watu waliokuwa kwenye mashine ya fotokopi, wakiombwa kumpisha mtu mwingine. Aliyekuwa na kurasa 5 alipishwa na asilimia 60 bila kutoa sababu. Alipotoa sababu tupu, kwamba "kwa sababu nahitaji kutoa nakala", alipishwa na asilimia 93, karibu sawa na aliyetoa sababu ya kweli. Aliyekuwa na kurasa 20 mambo yalikuwa tofauti: sababu tupu haikumsaidia hata kidogo, alibaki kwenye asilimia 24 kama asiyetoa sababu, na ni sababu ya kweli pekee iliyompandisha hadi 42. Foleni ya fotokopi si tasnifu, lakini naiona hali hiyohiyo mezani kwangu. Ombi la siku 2 nalikubali nikiwa nusu nalisoma. Ombi la wiki 2 nalisoma neno kwa neno.

Kuna sababu zisizotakiwa kuhesabiwa hivi, nazo ni ugonjwa, msiba, au jambo zito la nyumbani. Hapo huna wajibu wa kueleza undani. "Nimefiwa na mzazi, naomba wiki 3, nitakuandikia tarehe 15 kukueleza nilipofikia" inatosha kabisa. Usijilazimishe kutoa tarehe ya sura wakati hujui utasimama lini, toa tarehe ya kuwasiliana. Na kama hali itaendelea kwa miezi, muulize msimamizi kuhusu kusimamisha masomo kwa muda. Kuomba wiki baada ya wiki ukiwa mgonjwa kunakuchosha, na hakukulindi kikanuni.

Majibu na namna ya kuyapokea

Akikubali, mjibu kwa sentensi moja inayorudia tarehe.

Akikataa, au akisema tarehe 6 Julai atakuwa safarini, usianze kusihi. Rudi kwenye hesabu umwonyeshe kinachoweza kukatwa: "Kwa tarehe 26 Juni naweza kukamilisha mada tatu za kwanza kati ya sita. Zilizobaki zitafuata ukirudi." Muda na kiasi cha kazi vinakwenda pamoja, kimoja kikikataa kusogea kisogeze kingine. Usijaribu kuficha kwa kukubali tarehe ambayo hesabu yako mwenyewe inaikana.

Akisema, "Nitumie ulichonacho", wengi hushtuka wakaanza kukipamba. Kitume kama kilivyo, na juu yake andika mistari miwili: kipi kimekamilika, kipi ni rasimu, na ungependa aangalie nini kwanza.

Akinyamaza, subiri siku 3 za kazi, kisha mwandikie kwenye mfuatano uleule wa barua pepe: "Profesa, nafuatilia ombi langu la tarehe 6 Julai. Naendelea na ratiba ya jedwali tarehe 19." Kunyamaza kwake si kukubali. Mpaka akujibu, tarehe ya zamani bado ipo.

Ukishapewa muda

Siku 5 za akiba ndizo za kuangalia kila jioni. Tuseme tarehe 10 Juni imefika na mahojiano 2 bado hayajanukuliwa. Hayo ni saa 7 na nusu, karibu siku 3, kwa hiyo zimebaki 2 za akiba huku wiki tatu na zaidi ziko mbele. Hapo bado hujachelewa, lakini ujue sasa. Angalia kama kuna mahojiano yanayoweza kunukuliwa sehemu zinazohusika tu badala ya neno kwa neno, na umuulize msimamizi kama mbinu yako ya utafiti inaruhusu hilo.

Tarehe 19 jedwali liende, hata kama mada moja ina dondoo mbili tu. Tarehe 29, wiki moja kabla, mtumie sentensi moja: umeandika maneno mangapi na bado uko kwenye tarehe 6.

Ikitokea akiba imeisha na unahitaji kuomba mara ya pili, usitume tena ujumbe wa kwanza wenye tarehe mpya. Ombi la pili lina swali lake: kwa nini hesabu ya kwanza haikushika? Lijibu hilo waziwazi. "Nilipima kunukuu lakini sikupima kuandika. Nilitumia kasi ya sura ya mapitio, ambayo haikuwa na dondoo. Sura hii inakwenda kwa maneno 350 kwa siku." Kisha omba dakika 20 za kuonana naye kabla ya kutaja tarehe yoyote, ukiwa na karatasi ya hesabu mkononi, muipitie pamoja. Mara nyingi msimamizi ataona kitu kwenye karatasi hiyo ambacho wewe hujakiona, kwa mfano kwamba mada mbili za mwisho zinaweza kuhamia kwenye sura ya mjadala, na maneno 6,000 yakawa 4,000.